Ujambazi Ulioishia Mlangoni: Njama na Jaribio katika Swali la Mtihani

Swali hili ni la kubuni, la aina inayopendwa na watahini wa sheria ya jinai Kenya. Majina yamefuata alfabeti kama ilivyo desturi.

Jumatano usiku Ali anamweleza mkewe Dalila, waliyefungishwa ndoa na kadhi, kwamba yeye na wenzake wawili, Bakari na Chaka, wanataka kuvamia duka moja la jumla Kongowea, Mombasa. Anamwomba awafichie pesa. Dalila anasema, "Leteni, lakini zisikae zaidi ya siku mbili." Alhamisi jioni Ali, Bakari na Chaka wanakaa barazani kwa muuza kahawa. Ali, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa duka hilo, anawaambia kwamba Jumamosi mauzo hulala dukani kwa sababu benki imefungwa. Wataingia saa moja kasoro, kabla mwenye duka hajafunga. Bakari atamtisha kwa panga, Ali atamfunga kamba, Chaka atawasubiri na tuktuk. Chaka anajibu, "Sawa, mradi tuktuk yangu isionekane karibu na duka." Muuza kahawa anasikia.

Ijumaa usiku Chaka anamtumia Bakari ujumbe: "Mimi nimetoka, msinihesabu," kisha anazima simu. Jumamosi Ali na Bakari wanakodi bodaboda. Ali anabaki ng'ambo ya barabara na kamba mfukoni. Bakari anaingia dukani na panga ndani ya gunia, anaagiza sukari kilo moja na kutia mkono guniani. Hapo anamwona binti mdogo wa mwenye duka, amekaa juu ya kreti ya soda, anaandika kazi ya shule. Anasema, "Basi, nitarudi," na kutoka. Ali anamuuliza, "Vipi?" Bakari anajibu, "Leo hapana. Mtoto yuko." Mwendeshaji bodaboda anayasikia maneno hayo. Polisi wa doria wanawasimamisha kwenye kona na kukuta panga na kamba. Jadili dhima ya kila mmoja.

Wengi hukimbilia dukani, kwenye panga na mtoto. Mimi huanza barazani, kwa sababu huko ndiko kosa lililo wazi zaidi lilikofanyika, na lilikamilika kahawa ikiwa bado ya moto.

Kifungu 393 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamtia hatiani anayekula njama na mwingine kutenda kosa la jinai kubwa. Adhabu yake inafika miaka saba, isipokuwa kosa lililokusudiwa lina adhabu ndogo kuliko hiyo. Kifungu hakisemi njama ni nini. Maana yake imetoka kwenye kesi za Uingereza, hasa Mulcahy ya mwaka 1868: ni makubaliano ya watu wawili au zaidi ya kufanya jambo lililo kinyume cha sheria. Nia ikiwa ya mtu mmoja haina jinai. Ikishakuwa ya wawili waliokubaliana, makubaliano yenyewe ndiyo kitendo. Hakuna haja ya mtu kununua panga, kuchora ramani wala kupanda bodaboda.

Basi swali la Alhamisi ni moja tu: je, walikubaliana, au walikuwa wanapiga soga? Baraza limesikia mipango mingi ya utajiri ambayo hakuna aliyeichukulia maanani. Ndiyo maana jibu la Chaka lina uzito kuliko linavyoonekana. Aliweka sharti, na mwanafunzi aliyesoma haraka ataandika kwamba makubaliano yenye sharti si makubaliano. Angalia sharti lilihusu nini. Chaka hakusema "nitafikiri" wala "nitakuja kama nitakosa kazi." Sharti lake lilihusu mahali pa kuegesha tuktuk, yaani namna ya kutekeleza jambo ambalo tayari ameliridhia. Mtu hajadili maegesho ya safari asiyokwenda. Kila mtu amepewa kazi yake, siku na saa zimetajwa, na lengo ni kutwaa mali kwa kumtisha mtu, ambao ni unyang'anyi chini ya kifungu 295. Njama imetimia kwa wote watatu Alhamisi jioni.

Ujumbe wa Ijumaa, basi, unamsaidia nini Chaka? Kwa kosa la njama, haumsaidii. Kosa lililokwisha kutimia halifutwi na majuto. Jambo hilo linaingia kwenye maombi ya kupunguziwa adhabu, na hakimu mwenye busara atalipa uzito, lakini hatia inabaki. Tena ujumbe wenyewe ni kisu cha makali mawili. Aliyeandika "nimetoka" amekiri kwamba alikuwa ndani. Upande wa mashtaka ukiwa na ushahidi wa muuza kahawa peke yake, wakili wa Chaka angeweza kusema mzee alisikia vibaya, barabara ina kelele. Ujumbe uliokutwa kwenye simu ya Bakari unaziba tundu hilo, mradi uletwe mahakamani kwa utaratibu wa ushahidi wa kielektroniki na cheti chake kinachotakiwa na kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Mahali ujumbe unapomsaidia Chaka ni kwenye matendo ya Jumamosi. Kifungu 21 kinawabebesha watu wenye nia moja kosa lililotendwa katika kuitekeleza nia hiyo, hata kama mkono uliotenda ni mmoja. Anayetaka kujiondoa kwenye mzigo huo lazima ajitoe mapema na kwa kauli isiyo na utata inayowafikia wenzake. Katika kesi ya Becerra ya mwaka 1975 mtu alisema "twendeni" na kuruka dirishani wakati mwenzake tayari ana kisu mkononi na mwathiriwa yuko mbele yao. Mahakama ilisema hapo palihitajika zaidi ya maneno hayo. Chaka alijitoa usiku wa kuamkia siku ya tukio, kwa maneno yanayoeleweka, na hakuwa ameacha kifaa chake chochote mikononi mwao. Kwa maoni yangu amejitoa vya kutosha. Yatakayotokea Jumamosi hayamhusu kama mshiriki.

Hata hivyo kuna kifungu ambacho sijui kwa nini husahaulika. Kifungu 392 kinamtia hatiani, kwa kosa dogo, mtu anayejua kwamba mwingine amekusudia kutenda jinai kubwa na asitumie njia zote zinazofaa kuizuia. Chaka alizima simu akalala. Hakumwonya mwenye duka, hakupiga simu polisi, hakumwambia hata Ali aache. Kifungu hiki kinamnasa vizuri kabisa, na mwanafunzi anayekitaja anaonyesha kwamba ameisoma Kanuni yenyewe na si muhtasari wa mwenzake.

Sasa Dalila. Watahini wa pwani wanapenda kumwingiza mke, na sababu yake ni kesi iliyotoka Tanganyika. Katika Mawji dhidi ya Malkia, iliyoripotiwa mwaka 1957, Baraza la Faragha la London lilikubali kwamba mume na mke peke yao hawawezi kula njama kisheria, na kwamba kanuni hiyo inafuata hata ndoa inayomruhusu mume kuoa mke zaidi ya mmoja. Kwa hiyo ndoa ya kadhi haiwaondolei Ali na Dalila kinga hiyo. Kama Jumatano usiku mazungumzo yangekuwa ya wawili hao tu, na mpango ukiwa wa wawili hao tu, shtaka la njama dhidi ya Dalila lingeanguka.

Lakini Ali alimtajia Bakari na Chaka. Naye alijibu "leteni", kwa wingi. Katika kesi ya Chrastny ya mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema mke aliyekubaliana na mumewe peke yake, huku akijua kwamba wapo wengine ndani ya njama hiyo hiyo, hawezi kujificha nyuma ya ndoa. Hakuhitaji kukutana nao wala kusema nao. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, ni wa kushawishi tu, lakini mantiki yake inaingia vizuri hapa. Palipo na ubishi ni iwapo Jumatano njama ilikuwa imeshakuwepo, kwani watatu walikaa barazani Alhamisi. Wakili wa Dalila atasema aliwaahidi watu ambao wenyewe walikuwa hawajaahidiana. Upande wa mashtaka utajibu kwamba ahadi yake haikuondolewa, ilikuwa bado hai Alhamisi mpango ulipofungwa, na njama huweza kupokea mtu mmoja mmoja kwa nyakati tofauti. Naona jibu hilo lina nguvu zaidi. Na hata akiponyoka, kifungu 392 kinamsubiri naye. Hakisemi lolote kuhusu wanandoa.

Tuingie dukani. Kifungu 388 kinaeleza jaribio hivi, kwa maneno yangu: mtu mwenye nia ya kutenda kosa anaanza kuitekeleza nia hiyo kwa njia zinazofaa kuitimiza, na anaidhihirisha kwa kitendo cha wazi, lakini hafiki mwisho. Nia ya Bakari haina shida. Alhamisi inaeleza aliingia na panga kwa ajili gani. Shida ni neno "anaanza". Kununua kamba ni maandalizi. Kupanda bodaboda ni maandalizi. Kumkata mtu ni kosa lenyewe. Mahali fulani katikati mtu anavuka mstari, na mahakama zimekuwa zikiuliza kama kitendo kina uhusiano wa karibu na wa moja kwa moja na kosa, au bado kiko mbali nalo.

Kesi inayofanana na hii kuliko zote ni ya Campbell, ya mwaka 1991. Mtu alikamatwa hatua chache kutoka mlango wa posta, ana bastola ya bandia na karatasi ya vitisho ya kumpa karani. Alikiri alikuja kuiba, akasema alishaghairi na alikuwa anarudi kwenye pikipiki yake. Hatia ya jaribio la unyang'anyi ilifutwa. Alikuwa hajaingia ndani wala hajafika pale ambapo angeweza kumtisha mtu. Kwa kipimo hicho Ali, aliye ng'ambo ya barabara, kwa matendo yake mwenyewe hajajaribu kitu. Bakari yuko mbele zaidi: ameingia, amesimama mbele ya mwenye duka, mkono uko guniani. Kilichobaki ni kuutoa.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huandika "basi amejaribu kunyang'anya, kifungu 297," na kufunga hoja. Kisome kifungu chenyewe. Jaribio la unyang'anyi chini ya 297(1) ni la mtu anayemshambulia mwingine kwa nia ya kuiba na, wakati huo au karibu na wakati huo, kutumia au kutishia kutumia nguvu. Shambulio ni kiungo cha lazima. Mwenye duka aliona mteja anaagiza sukari. Hakuguswa, hakutishwa, hakuwa na hofu ya lolote. Huenda alikuwa ameshaanza kupima. Mkono uliofichwa ndani ya gunia haumshambulii mtu asiyejua kilichomo. Kwa hiyo shtaka la 297, dogo au kubwa, halisimami.

Je, upande wa mashtaka unaweza kuruka 297 na kutumia 388 na 389 moja kwa moja kwa "jaribio la unyang'anyi" la jumla? Nasema hapana, ingawa naelewa anayebisha. Bunge limeshaeleza jaribio la unyang'anyi ni kitu gani. Ukilifungua tena kwa mlango wa jumla, utakuwa umeondoa kiungo cha shambulio kwa ujanja wa kuandika hati ya mashtaka. Kinachobaki ni jaribio la wizi wa kawaida. Wizi chini ya kifungu 275 una miaka mitatu, na 389 inatoa nusu ya adhabu kwa jaribio, yaani mwaka mmoja na nusu. Hata hilo lina utata, kwani Bakari hakuwa ameisogelea droo ya pesa, na mpango wake ulitaka kitisho kwanza ndipo wizi. Mimi ningeandika kwamba hoja ya mashtaka inaweza kupita kwa shida, na ningeeleza kwa nini. Mtahini hatafuti uhakika mahali ambapo majaji wenyewe hawana.

Msomaji mwingine atakuwa ameshatangulia na shtaka la kuvunja na kuingia dukani kwa nia ya kutenda jinai, kifungu 307. Mlango ulikuwa wazi na Bakari aliingia kama mteja. Hakuna kilichovunjwa. Sentensi mbili zinatosha, uendelee.

Tuseme mahakama imeona jaribio la wizi lipo. Je, kughairi kunamwokoa Bakari? Kifungu 388(2) kinajibu waziwazi: haijalishi kama mtu amefanya yote yaliyompasa, au amezuiwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake, au ameacha kwa hiari yake mwenyewe, isipokuwa katika suala la adhabu. Ukishavuka mstari, kurudi nyuma hakuufuti. Hii ndiyo tofauti kubwa na majimbo ya Marekani yanayofuata Kanuni ya Mfano ya Adhabu ya mwaka 1962, ambako aliyeghairi kwa hiari na kikamilifu ana utetezi. Wanafunzi wanaosomea mtandaoni huuleta utetezi huo Mombasa bila kujua kwamba umetoka mbali. Na hata huko Marekani Bakari angepata taabu, kwa maana kuahirisha hadi siku nzuri zaidi si kughairi. "Leo hapana" na "nitarudi" ni maneno ya mtu aliyebadilisha tarehe. Huruma kwa mtoto inaonekana ya kweli, lakini swali halisemi kwamba aliacha kwa sababu ya huruma. Huenda aliogopa kelele.

Yale maneno "isipokuwa katika suala la adhabu" yana historia yake. Kanuni yetu, ya mwaka 1930, ina ukoo na ile ya Queensland iliyoandikwa na Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899. Kule kuna kifungu kingine kinachompunguzia adhabu kwa nusu aliyethibitisha kwamba aliacha kwa hiari. Kifungu pacha hakikuvuka bahari kuja Kenya, ila maneno yanayokiashiria yalikuja. Kwa hiyo yamebaki yananing'inia, na kazi yake inafanywa na hiari ya hakimu wakati wa kutoa hukumu.

Shtaka ambalo kwa kweli lingeandikwa na karani yeyote wa mashtaka ni la kifungu 308(1): kukutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba aliibeba kwa nia ya kutenda jinai kubwa. Adhabu ni miaka isiyopungua saba na isiyozidi kumi na tano. Tazama kejeli yake. Maandalizi, ambayo 388 inayaacha nje, yanaadhibiwa hapa kwa uzito kuliko jaribio la wizi na hata kuliko njama. Bakari alikutwa na panga kwenye kona. Utetezi utasema alipokutwa nia ilikuwa imeshakufa dukani, na panga peke yake pwani ni kifaa cha kufyekea. Hoja ni nzuri mpaka uyakumbuke maneno aliyoyasikia mwendeshaji bodaboda. Mtu aliyesema "leo hapana" bado anaibeba silaha kwa ajili ya siku nyingine. Hapo maneno yale yale yaliyoonekana kumtakasa yanamfunga. Ali hakushika panga, ila alikuwepo kwa kazi ile ile akiwa na kamba yake, na 308 inaweza kumfikia kwa njia ya nia ya pamoja. Kwake ningeweka njama mbele na hili nyuma.

Watahini huongeza kipengele (b): jibu lako lingebadilikaje kama Bakari angeutoa mkono, akaliweka panga juu ya kaunta, kisha akamwona mtoto na kukimbia bila kuchukua kitu? Lingebadilika kupita kiasi. Kuweka panga mbele ya mtu kwa namna hiyo ni kumshambulia kwa kitisho, na nia ya kuiba ipo. Tumeingia 297. Tena hatukai 297(1) yenye miaka saba. Kifungu 297(2) kinamshughulikia aliye na silaha ya hatari au aliye pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, na adhabu iliyoandikwa humo ni kifo. Kutoka miezi kumi na minane yenye utata hadi kifo, umbali ni kiganja kutoka guniani mpaka juu ya kaunta, na kukimbia kwake baadaye hakurudishi kitu kwa sababu ya 388(2).

Hapo lazima useme jambo kuhusu mgongano wa vifungu. Sentensi ya mwisho ya 389 inasema jaribio la kosa lenye adhabu ya kifo au maisha lisizidi miaka saba, huku 297(2) ikitaja kifo. Kwa kuwa 389 inaanza kazi pale tu ambapo adhabu nyingine haijawekwa, usomaji wa moja kwa moja unaipa 297(2) nafasi. Hata hivyo Mahakama ya Rufaa imewahi kutoa sauti mbili kuhusu hilo, na mwaka 2016 Mahakama Kuu katika kesi ya Kahinga ilisema vifungu vya unyang'anyi na jaribio lake havitofautishi viwango vya kosa kwa usahihi unaotakiwa na Katiba. Uamuzi wa Muruatetu wa mwaka 2017 ulihusu ulazima wa kifo kwa mauaji, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba haukuvigusa vifungu hivi. Usiuandike kana kwamba umefuta kila kitu.

Na Ali katika kipengele (b) yuko wapi? Bado ng'ambo ya barabara, hajasema neno wala kugusa mlango. Kwa 21 kitendo cha Bakari ni chake, kwa kuwa kitisho cha panga ndicho hasa walichokipanga barazani, na mashtaka yatasema Bakari alikuwa "pamoja na mtu mwingine". Utetezi unaweza kubisha kwamba "pamoja" kunataka kuwepo mahali pa tukio na si kuangalia kutoka upande wa pili wa barabara. Hoja hiyo inastahili aya nzima, lakini haimwokoi Ali, kwa sababu panga peke yake linatosha kuipandisha 297(1) kuwa 297(2), na Ali alijua tangu Alhamisi kwamba panga litakuwepo.